Mkato wa Ukurasa wa 1,410

Tume ya uchunguzi ilisikiliza mashahidi kwa miezi sita, na kumbukumbu za ushahidi zilipochapwa na kupangwa zilifika kurasa 2,860. Zilikaa kwenye makabati mawili ya chuma ndani ya chumba cha sekretarieti, na kila aliyepita hapo alizitupia jicho la mtu anayeona rundo la nguo chafu zisizo zake. Kisa chenyewe kilikuwa jengo la ghorofa tatu lililoporomoka likiwa bado linajengwa, likaua watu kumi na mmoja. Nani alaumiwe? Hilo ndilo makamishna watatu walilotakiwa kuamua, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na muda wa kusoma kurasa zote hizo neno kwa neno.

Ndipo akaletwa mtaalamu wa programu, mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mwembamba, mwenye haraka ya maneno. Siku ya kwanza alikuja amebeba kompyuta kubwa kifuani kama mtoto mchanga, na kabla ya saa sita mchana wafanyakazi walikuwa wameshambatiza jina: Dada Mitambo. Ushahidi mwingine ulikuwa wa siri na haukuruhusiwa kutoka nje ya jengo, kwa hiyo programu yake ya akili bandia ilibidi ikae kwenye kompyuta ileile, bila mtandao. Nayo kwa mkupuo mmoja haikuweza kumeza zaidi ya kurasa thelathini hivi.

"Sasa kurasa elfu mbili na ushee itazisomaje?" aliuliza Katibu wa tume, mtu mwenye sauti ya chini aliyependa kila kitu kiwe kwenye karatasi moja.

"Kwa vipande, mzee. Nakata kumbukumbu zote vipande vipande, kila kimoja kinapata muhtasari wake wa ukurasa mmoja. Halafu nachukua mihtasari kumi kumi, naunganisha kila kumi kuwa muhtasari mmoja. Mwisho naunganisha hiyo ya juu, inabaki mmoja tu."

"Kama ukoo," alisema Katibu. "Wajukuu, watoto, hadi babu."

"Kama ukoo, ila huu unaanzia kwa wajukuu."

Akakata. Vipande vilitoka tisini na sita, vikubwa sawa kwa sawa, kwa kuhesabu maneno. Mihtasari tisini na sita ikawa kumi, kumi ikawa mmoja wa kurasa nne. Jumatatu saa nane mchana Katibu aliusoma amesimama, akausoma tena ameketi, kisha akamwambia kuwa katika miaka yake yote ya utumishi hajawahi kupewa kitu kilichonyooka namna ile. Dada Mitambo alirudi nyumbani kichwa juu.

Mama yake mzazi, aliyekaa naye, alikuwa amefuatilia tume redioni tangu siku ya kwanza.

"Wamemalizana na yule nyapara wa lile jengo?" aliuliza kabla binti hajavua viatu.

"Mama, siruhusiwi kusema."

"Husemi wewe, uso wako unasema. Muuaji yule. Tangu lini mtu mwenye akili anatoa miti chini ya zege bichi?"

Binti aliinama kuvua viatu. Lakini moyoni alijua muhtasari unakubaliana na mama. Ukurasa wa tatu, mstari wa saba: *Nyapara alikiri kuamuru miti iliyoshikilia sakafu ya pili itolewe siku ya tisa, wakati ilitakiwa kukaa siku ishirini na moja.*

Jumanne asubuhi Katibu alimpa nakala Mama Taipu ili airekebishe nafasi na vituo. Mama Taipu ndiye aliyekuwa mwandishi wa kumbukumbu. Miezi yote sita alikaa mbele ya meza ya makamishna, vidole vikienda mbio kuliko midomo ya mawakili, na hakuna neno lililosemwa ukumbini ambalo halikupita mikononi mwake. Alibakiza mwaka mmoja astaafu. Alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, na alipofika wa tatu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akanyanyuka na karatasi yake hadi kwenye meza ya Dada Mitambo.

"Mwanangu, hili nani kalisema?"

"Lipi, mama?"

"Kwamba nyapara alikiri. Mimi nilikuwepo. Hakukiri."

Dada Mitambo alitabasamu tabasamu la kumstahi mtu mzima. "Mama, yale ni maneno mengi. Wewe ulikuwa unachapa, hukuwa unasikiliza. Mashine imesoma kurasa zote."

"Mimi ndiye niliyeziandika hizo kurasa zote," alisema Mama Taipu, bila kupandisha sauti. "Nionyeshe ni ukurasa gani."

Hapo ndipo tabasamu lilipomkauka. Hakuwa na ukurasa wa kumwonyesha. Muhtasari ulisema mambo, lakini haukusema umeyatoa wapi. Mstari wa saba ulikuwa umesimama peke yake, hauna baba wala mama.

Bahati ni kwamba hakuwa amefuta mihtasari ya kati. Alivuta kiti kingine, akamkaribisha Mama Taipu aketi, wakaanza kushuka ngazi. Kwenye mihtasari kumi ya juu, wa tano ulisema: *nyapara, aliyeamuru miti itolewe.* Wakashuka zaidi, kwenye vipande kumi vilivyouzaa huo wa tano. Kipande cha arobaini na saba kilisema: *nyapara alihojiwa kuhusu amri yake ya kutoa miti.*

"Unaona?" alisema Mama Taipu. "Kule chini alihojiwa. Katikati akawa ameamuru. Juu amekiri. Kila kikipanda kinaongezewa chumvi."

Dada Mitambo aliisogelea kompyuta. Akafungua maandishi yenyewe ya kipande cha arobaini na saba na kwenda mwisho kabisa, katikati ya ukurasa wa 1,410. Maneno ya mwisho yalikuwa ya wakili wa tume:

*SWALI: Kwa hiyo ni wewe uliyeamuru miti ile itolewe siku ya tisa, ndiyo au hapana?*

Kipande kiliishia hapo. Akafungua cha arobaini na nane. Kilianza hivi:

*JIBU: Hapana, mheshimiwa. Nilikataa. Nilimwandikia meneja wa kampuni barua kwamba mimi sitaitoa. Aliyetoa amri ni yeye.*

Hesabu ya maneno ilikuwa imeshusha kisu baina ya swali na jibu. Kipande kimoja kilibaki na tuhuma isiyojibiwa. Kingine kikabaki na "hapana" isiyojulikana inakana nini, na muhtasari wake ukaishia kusema shahidi "alikanusha baadhi ya mambo". Mihtasari ilipokutana huko juu, tuhuma ilikuwa na umbo, kukana hakukuwa na umbo, na chenye umbo ndicho kilichobaki.

Kisha Dada Mitambo akageuza kiti akamtazama mwenzake usoni.

"Mama Taipu, nisamehe."

"Ya nini? Hujaniibia kitu. Swali ni moja tu. Umekata mara ngapi?"

"Mara tisini na tano."

"Basi tuna kazi."

Katibu hakufurahi hata kidogo. Makamishna walikuwa wanakutana Ijumaa saa tatu asubuhi, nakala zilikuwa zimeshaandaliwa bahasha. "Rekebisha huo mstari mmoja," alisema. "Andika 'alikana'. Tumemaliza."

"Mzee, huo mmoja tumeuona kwa sababu Mama Taipu ana kumbukumbu. Mikato mingine tisini na minne sijui ina nini. Nikirekebisha niliouona tu, nitakuwa nimepaka rangi ukuta wenye ufa."

"Na usipomaliza Ijumaa?"

"Nitasimama mimi mbele ya makamishna niwaambie muhtasari hakuna, na sababu ni mimi."

Katibu alimwangalia, akaangalia bahasha, akakubali shingo upande. "Ijumaa saa mbili na nusu iwe mezani kwangu. Dakika moja zaidi, utasimama kweli."

Dada Mitambo alijifunga kibwebwe. Jumanne yote iliyobaki ilikwenda katika kuandika upya namna ya kukata. Safari hii kisu hakikuruhusiwa kushuka popote isipokuwa mwisho wa jibu, na pale shahidi mmoja alipomaliza na mwingine kuingia, hapo ndipo palipopendelewa zaidi. Vipande havikuwa tena sawa kwa ukubwa, na halikumsumbua hilo. Kila kipande kilibeba tena kurasa mbili za mwisho za kile kilichotangulia, ili maneno kama "ile barua" au "yule niliyemtaja" yasifike yatima. Juu ya kila kipande aliweka maelezo mafupi: anayehojiwa ni nani, kazi yake nini, siku gani, anahojiwa na nani. Na akaipa mashine amri mbili ngumu. Kwanza, kila jambo liandikwe na namba ya ukurasa lilikotoka, na namba hiyo ipande nalo mpaka juu. Pili, mashahidi wakipingana, waandikwe wote wawili wakiwa wanapingana, isichague, isipatanishe.

"Na usiiruhusu igeuze swali kuwa habari," alisema Mama Taipu nyuma yake. "Mawakili wanauliza kama watu wanaotoa hukumu. Miezi sita nimewasikia."

"Hiyo ndiyo amri ya tatu," alisema, akaiandika.

Vipande vilitoka mia moja na kumi na nane. Kila kimoja kilichukua dakika nne. Jumatano saa mbili asubuhi aliwasha, na hadi karibu saa kumi jioni kompyuta ilinguruma kama friji kuukuu huku wao wawili wakikaa bega kwa bega. Mama Taipu hakusubiri imalize. Alivuta mihtasari ishirini bila kuchagua, akatoa kabatini kurasa zake, akawa anasoma mstari wa muhtasari, anafungua ukurasa uliotajwa, anaweka tiki kwa kalamu nyekundu. Mahali namba ilipotaja ukurasa usiohusika, alitia msalaba na Dada Mitambo akakirudisha kipande hicho mashineni. Misalaba ilikuwa minne.

Saa saba hivi, Mama Taipu alikwama.

"Hapa mashine yako imesema uongo. Eti ukurasa wa 1,436, nyapara anasema asubuhi ya ajali aliwapanga mwenyewe watu kufanya kazi chini ya ile sakafu. Hakusema hivyo. Hili ningelikumbuka."

"Fungua, mama."

Akafungua. Dada Mitambo alimwona akisoma, kidole kikitembea chini ya mistari aliyoichapa yeye mwenyewe, kisha kidole kikasimama.

*JIBU: Nilijua miti imetolewa. Niliona tangu jioni. Lakini asubuhi niliwapanga watu kazini. Niliogopa kufukuzwa.*

"Nimeiandika," alisema Mama Taipu polepole. "Hii ni kazi yangu, hata vituo ni vyangu. Na nilikuwa niko tayari kuapa." Akashusha pumzi. "Nilimwonea huruma siku ile. Nadhani nilibeba ya huruma, nikaiacha hii."

Dada Mitambo aliisogeza kalamu nyekundu karibu na mkono wa Mama Taipu, naye akaichukua na kuweka tiki.

Alhamisi ilikuwa siku ya kuunganisha. Waliweka mihtasari minane minane, ikatoka kumi na mitano, na ile kumi na mitano ikatoa mmoja. Ulikuwa safi. Swali na jibu la ukurasa wa 1,410 lilikaa pamoja, la 1,436 lilikuwepo, mashahidi waliopingana walisimama uso kwa uso, kila mmoja na namba yake. Dada Mitambo alianza kukusanya karatasi, roho imetua.

"Ile karatasi ya masjala iko wapi?" aliuliza Mama Taipu.

"Ipi?"

"Jana niliitia tiki, kipande cha sabini na nne. Karani wa masjala wa ile kampuni. Alisema alipokea barua ya nyapara, akaigonga muhuri, akaiweka jaladani. Ukurasa wa 1,783. Huku juu siioni."

Waliitafuta. Kwenye muhtasari wa kipande ilikuwepo, mstari mmoja. Kwenye muhtasari wa kundi haikuwepo. Haikupotoshwa, wala haikukatwa. Ilikufa kwa kuwa ndogo. Karani alihojiwa robo saa tu, akiwa amebanwa kati ya wahandisi wawili waliotoa ushahidi kwa siku tatu, na mihtasari minane ilipobanwa kuwa mmoja, wahandisi walijaza nafasi yote.

Dada Mitambo alifumba macho. Nyapara alisema aliandika barua. Meneja wa kampuni alisema chini ya kiapo kwamba barua hiyo haijawahi kuwepo. Na karani, aliyekuja wiki saba baada ya nyapara, siku ambayo waandishi wa habari hawakujishughulisha kuja, alisema ameigonga muhuri kwa mkono wake. Kurasa 373 zilitenganisha maneno hayo. Hakuna aliyeyaweka pamoja, si wakili, si kamishna.

"Na mimi niliyachapa yote mawili," alisema Mama Taipu, akishika shavu. "Yote mawili, kwa vidole hivi."

"Saa ngapi sasa?"

"Saa nane na robo."

"Tunaweza."

Tatizo aliliona wazi. Kila mara unapobana, kilichosemwa mara moja tu ndicho cha kwanza kuanguka. Basi kuna vitu visivyotakiwa kubanwa kabisa. Akairudisha mashine kwenye vipande vyote mia moja na kumi na nane kwa kazi nyingine fupi: kutoka kila kipande, ichomoe barua, amri, tarehe na majina ya wahusika tu, pamoja na ukurasa. Kazi hiyo ilichukua nusu dakika kwa kipande, saa moja kwa jumla. Orodha hizo hakuzifupisha. Alizipanga moja chini ya nyingine kwa kufuata tarehe za matukio, akaziambatisha nyuma ya muhtasari kama zilivyo.

Ilipochapwa, ilikuwa na kurasa kumi na moja. Mama Taipu aliishika mwanga ukiiangukia na akasoma kwa sauti mistari miwili iliyofuatana, kwa sababu tarehe yake ilikuwa moja: *Nyapara aandika barua kwa meneja kukataa kutoa miti, uk. 1,410. Barua ya nyapara yapokelewa masjala, yagongwa muhuri, uk. 1,783.*

Dada Mitambo alienda dirishani, akasimama kidogo akitazama watu wanavuka barabara, akarudi kukagua namba zilizobaki.

Ijumaa saa mbili na dakika ishirini, nakala zilikuwa mezani kwa Katibu. Alizipima kwa mkono. "Nilikuomba kurasa nne. Hizi ni kumi na saba."

"Muhtasari ni sita, mzee. Kumi na moja ni orodha. Asiyetaka kuisoma asiisome, lakini asiitoe."

Katibu alifunua, akasoma, akafika kwenye ile mistari miwili, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue akasahau kufunga mdomo. Alizibeba mwenyewe hadi chumba cha makamishna, bila kumtuma mtu.

Saa tano makamishna walitoa amri jalada la masjala ya kampuni liletwe. Lilikuja baada ya siku nne, na barua ilikuwemo, na muhuri pembeni mwa karatasi kama karani alivyosema. Meneja aliitwa tena kizimbani. Ripoti ya mwisho ilimtaja yeye kuwa ndiye aliyeamuru na aliyeficha. Ilimtaja na nyapara pia, kwa aya moja: kwamba alikataa amri kwa maandishi, na kwamba baada ya kujua imetekelezwa bila yeye, aliwapeleka watu kazini chini ya sakafu aliyojua haina kitu cha kuishikilia.

Mama yake Dada Mitambo aliisikia redioni. "Kumbe hakuamuru," alisema, akapunguza sauti ya redio. Baadaye kidogo akaongeza, "Lakini aliwapanga." Hakumwita tena muuaji, wala hakusema si mkosaji.

Wiki hiyohiyo nyapara alifika sekretarieti kuchukua nakala yake ya ripoti na muhtasari, kama ilivyokuwa haki ya kila aliyetajwa. Alikuwa mtu mfupi, mikono minene yenye makovu ya saruji, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri. Dada Mitambo hakuwahi kumwona uso kwa uso. Alimpa kalamu asaini daftari, lakini nyapara hakusaini mara moja. Alifungua muhtasari akausoma amesimama, midomo ikicheza.

"Hizi namba ni za nini, dada?"

"Ni kurasa. Kila kilichoandikwa humo, unaweza kukiangalia kilikotoka."

"Nionyeshe huu. 1,436."

Mama Taipu ndiye aliyefungua kabati. Aliuweka ukurasa mezani, akaugeuza umwelekee nyapara, akarudi hatua moja nyuma. Nyapara aliinama. Alisoma kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji ukurasa mmoja.

"Nilisema hivi," alisema mwishowe. "Nilidhani limepotea humo ndani. Maneno yalikuwa mengi."

"Halikupotea," alisema Dada Mitambo.

"Na la barua?"

"Nalo halikupotea. Karibu, lakini halikupotea."

Aliitikia kwa kichwa, akavuta daftari na kusaini, herufi kubwa zilizosimama wima. Wale kumi na mmoja waliokufa aliwafahamu kwa sura na kwa jina, na orodha ya majina yao ilikuwa nyuma ya nakala aliyoshika. Aliifunua, akaitazama, akaikunja nakala kwa uangalifu na kuiweka ndani ya shati, upande wa moyo. Aliaga, akatoka, na walisikia hatua zake zikishuka ngazi moja moja mpaka zilipoingia mtaani.

Mama Taipu aliurudisha ukurasa wa 1,436 mahali pake, kati ya 1,435 na 1,437, akafunga kabati.